Uzoefu wangu: kamusi ya simu inayotafuta neno kwa herufi ulizonazo

Hii ni programu ya bure ya kamusi ya Kiswahili, ile yenye sehemu ya kutafutia neno kwa alama ya kuuliza. Kila `?` ni kisanduku kitupu. Naitumia kwa mafumbo ya maneno ya gazetini, hasa nikiwa kwenye mwendokasi wa Kimara hadi Kivukoni, na haihitaji bando. Matangazo yake yanaudhi, ila yanavumilika.

Juzi nilikwama kwenye neno la visanduku sita. Kidokezo: "Kazi ya daktari". Maneno yanayolikata yalishanipa herufi tatu:

```
K?T?B?
```

Programu ikaleta kitabu, katiba na katibu. Hakuna hata moja linalohusu daktari. Kosa si la herufi. Kamusi huorodhesha vitenzi bila KU, kwa hiyo kutibu hulioni. Limo chini ya tibu. Ukihisi jibu ni kitenzi, toa KU utafute `T?B?`. Hapo utapata tibu na tubu, pamoja na tabu, tiba na toba.

Sasa una maneno matano yanayoingia kwenye visanduku vile sita: kitabu, katiba, katibu, kutibu na kutubu. Konsonanti zote unazo na bado hujui, maana katika Kiswahili irabu ndizo huyatenganisha maneno ya namna hii. Tuseme kidokezo nacho hakieleweki. Ujaze kwanza neno gani la kukata? Wengi hukimbilia linalopita mwishoni. Likikupa U, umeondoa katiba tu, manne yamebaki. Linalopita kisanduku cha pili ndilo lenye faida: I inaacha kitabu peke yake, A inaacha katiba na katibu, U inaacha kutibu na kutubu. Mimi nilipata U, na daktari hatubu kwa niaba ya mgonjwa.

Wingi nao unasumbua. Vitabu haimo, kwa hiyo badili V iwe K utafute umoja wake. Hapo idadi ya visanduku haibadiliki. Lakini ukitafuta walimu kupitia umoja wake utakosea hesabu: walimu ni visanduku sita, mwalimu ni saba. Ongeza `?` moja kabla ya kutafuta.

Kasoro iliyonifanya niipe nyota tatu badala ya nne ni ng'ombe. Gazeti ninalolijaza halitengi kisanduku cha ile alama ya juu, hivyo neno ni visanduku sita. Programu inaihesabu kama herufi, kwa hiyo `NG?MBE` haileti kitu, mpaka uandike `NG'?MBE`. Ng'ombe, ng'ambo, ng'aa, yote yanapotea hivyo hivyo. Neno likianza na NG na programu ikanyamaza, jaribu na alama hiyo kabla hujafuta herufi zako.