Simu ya ramu GB 1 na fomu yenye viambatisho vya kurasa saba: uzoefu wangu Mpunguzi

Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa zabibu huku Mpunguzi, Dodoma. Kazi zote za kikundi nazifanyia kwenye simu moja niliyoinunua kwa mtu mjini: ramu GB 1, kioo cha inchi 5, kamera ya nyuma ya MP 5, na ndani ina Android Go, lile toleo jepesi la simu za bei nafuu. Kompyuta sina. Nimeitumia mwaka mzima sasa, na nataka kueleza kazi moja iliyonifundisha simu hii inaweza nini na inashindwa nini: kujaza fomu ya kuomba mkopo wa kikundi kwenye mtandao.

Siku ya kwanza nilijiunga bando la MB 300 la siku moja, nikakaa sebuleni nikaanza. Majina ya wanachama, namba ya usajili, namba ya akaunti, maelezo ya mradi. Nikafika kwenye kuambatisha muhtasari wa kikao, nikabonyeza alama ya kamera, nikapiga picha. Niliporudi kwenye fomu, kioo kikawa cheupe, kisha ukurasa ukaanza kufunguka upya kutoka juu. Kila nilichoandika kimefutika. Nikarudia, ikawa vilevile. Mara ya tatu nililaumu mtandao, nikatoka nje kutafuta minara.

Kijana wa steshenari ninakochapisha barua ndiye aliyenielewesha. "Dada, hapo mtandao hauna kosa. Hiyo ni ramu." Kamera ni programu nzito. Ukiifungua kwenye simu ya GB 1, Android inatafuta nafasi, na zinazofungwa ni zile ulizoziacha nyuma, pamoja na kivinjari chenye fomu yako. Ukirudi, hakina kumbukumbu ya ulichoandika, kinaanza kuupakua ukurasa upya, na bando linakatwa tena. Tofauti yake na mtandao mbovu unaiona kwa macho: mtandao ukiwa mbovu, maandishi yako yanabaki na kile kiduara kinazunguka tu. Ramu ikizidiwa, unarudi ukurasa mtupu hata kama minara imejaa.

Tangu hapo sijazi kitu chochote moja kwa moja kwenye fomu. Maelezo marefu nayaandika kwanza kwenye programu ya kuandikia kumbukumbu, nayanakili, ndipo nafungua fomu na kubandika. Namba fupi ziko kwenye daftari la karatasi pembeni. Picha zote zinapigwa na kuandaliwa kabla, ili fomu ikishafunguka nisitoke tena. Hata ule ujumbe wenye namba ya uthibitisho siufungui. Navuta pazia la juu la kioo kwa kidole, naisoma namba pale pale, naachia pazia na kuandika. Hilo peke yake limeniokoa mara nyingi.

Tatizo la pili lilikuwa uzito wa picha. Kurasa zilikuwa saba, na kila picha ya MP 5 kwenye simu yangu inatoka na karibu MB 2. Nilipoziunganisha kuwa PDF moja nikapata MB 14. Nilipandisha mara tatu, na kila mara ilikubali kwenda mpaka mwisho, kisha ikakataa. Kumbe ukomo ni MB 2 kwa faili lote, na maneno hayo yalikuwa chini kabisa ya ukurasa. Kwenye kioo cha inchi 5, kibodi ikishafunguka inafunika karibu nusu, sikuwahi kuyaona. Na faili linalokataliwa mwishoni limeshakula bando lake lote, maana limesafiri zima.

Nilichofanya ni kuingia kwenye mipangilio ya kamera na kushusha picha hadi MP 3. Nilijaribu MP 2 kwanza, mwandiko wa mkono ulisomeka, lakini maandishi madogo ndani ya muhuri yakafifia. MP 3 inatosha kwa ukurasa wa A4 ukiujaza kwenye kioo vizuri. Karatasi naiweka kwenye kivuli cha mwarobaini, si juani, kwa sababu jua la hapa linaleta kivuli cha mkono wako juu ya maandishi. Halafu nafuta vumbi kwenye kamera. Kisha nakata kingo na kuigeuza picha iwe nyeusi na nyeupe. Kila ukurasa ukashuka hadi karibu KB 200, na zote saba zikawa chini kidogo ya MB 1.5. Kabla ya kutuma naukuza muhuri mpaka ujaze kioo. Nikiweza kusoma tarehe iliyo katikati yake, basi na mpokeaji ataisoma.

Lakini hapo bado hesabu ya bando ilikuwa hainiingii. Kufungua fomu mara sita kwa kama MB 4, jumlisha kupandisha mara tatu kwa MB 14, haifiki hata MB 70, na bando la MB 300 lilikuwa limeisha. Nikaingia kwenye matumizi ya data ndani ya mipangilio, pale panapoonyesha kila programu imekula kiasi gani. Kivinjari kilikuwa na sehemu ndogo tu. Kubwa lilikwenda kwa duka la programu, lililokuwa linasasisha programu zangu kimyakimya, na kwa video za magrupu ya WhatsApp zilizojipakua zenyewe. Nimeweka masasisho yasubiri Wi-Fi, nimezima upakuaji wa video na picha kwenye WhatsApp, na nimewasha `Data Saver`.

Hapo kwenye `Data Saver` nawatahadharisha. Inazuia programu zilizo nyuma zisitumie data, na iliyo mbele yako inaendelea kama kawaida. Kwa hiyo ukianza kupandisha faili kisha ukahama kwenda kusoma ujumbe, au kioo kikajizima, upandishaji unaweza kukatika, na fomu nyingi haziendelei zilipoishia, zinaanza sifuri. Nimeongeza muda wa kioo kujizima kutoka sekunde 30 hadi dakika 10, na nikishabonyeza kutuma, simu naiweka mezani siigusi.

Kosa la kioo kidogo linaloniumiza zaidi ni la namba. Kisanduku cha namba ya akaunti kinaonyesha tarakimu chache za mwisho, za mwanzo zinajificha kushoto. Niliwahi kuruka tarakimu moja na sikuiona. Sasa mwenyekiti wetu anashika daftari, mimi nashika simu, nasogeza kidole mpaka mwanzo wa kisanduku, tunasoma tarakimu nne nne kwa sauti. "Rudia hiyo ya pili, katibu," ananiambia, na narudia.

Mara ya mwisho nilituma saa kumi na moja alfajiri, mtandao ukiwa mwepesi. Fomu yote pamoja na viambatisho ilikula MB 9, na ilipita mara ya kwanza.

Kwa fomu, barua, picha na kumbukumbu za kikundi, simu hii nairuhusu mtu anunue kwa moyo mweupe, akijipanga hivyo. Daftari la mauzo ya zabibu lenye safu kumi na mbili ndilo limenishinda. Naona safu tatu kwa wakati mmoja, na nikifika kwenye bei ya kilo sioni tena jina la mkulima. Hilo naliandika kwenye karatasi, na kila Jumamosi nalipeleka kwa yule kijana wa steshenari aniingizie kwenye kompyuta yake, nikiwa nimekaa pembeni namsomea jina na kilo.