Nyota tano nilizompa muuzaji zimenirudia: memori kadi ya GB 256 niliyonunua mtandaoni

Nilikuwa nimepanga kuandika kwa utulivu. Nimeshindwa, maana kila nikiikumbuka sura ya yule kijana wa kituo cha kuchukulia mizigo, damu inachemka upya. Basi nivumilieni.

Mimi ni mpiga video wa harusi, Temeke. Si studio kubwa, ni kamera moja, taa mbili na mdogo wangu wa kubeba vitu. Kabla ya Ramadhani kazi huwa nyingi, kila mtu anataka aoe kabla mwezi haujaandama, kwa hiyo niliamua kuongeza memori kadi. Dukani Kariakoo ile ya GB 256 ya kampuni yenye jina walikuwa wananitajia karibu laki moja. Mtandaoni nikaikuta elfu arobaini na tano, picha zilezile, pakiti ileile, na chini yake watu zaidi ya mia wamesifia. Nikaagiza. Siku ya tatu ikafika.

Nasema ukweli, niliikagua. Mimi si mshamba wa vitu feki. Nimeshavaa raba ambazo jina la kampuni lilikosewa herufi moja na sikuliona mpaka nilipochekwa msikitini. Nikasoma pakiti neno kwa neno, hakuna kosa. Maandishi ya kwenye kadi yamechapwa vizuri. Nikaichomeka kwenye laptopu, ikasoma GB 238. Hapo wengine ndipo wanapoanza kelele kwamba wameibiwa GB 18, lakini hiyo haina neno: kiwanda kinahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1024, kadi halisi ya 256 nayo itakuonyesha hivyohivyo. Nikarekodi dakika tano uani, ikacheza. Jioni hiyohiyo nikaingia mtandaoni nikampa muuzaji nyota tano na maneno mazuri. Hili la nyota tano lishikeni, tutarudi kwalo.

Nikaitumia wiki kadhaa bila tatizo. Kipaimara kimoja, mahafali ya chekechea, sendoff moja fupi. Kazi zote hizo zilikuwa za saa moja au pungufu. Nikimaliza nahamishia kwenye laptopu, naifuta kadi kwa kuifomati, naanza upya.

Halafu ikaja ile harusi.

Kamera yangu nimeipanga kurekodi megabiti 50 kwa sekunde, ambayo ni kama GB 22 kwa saa. Siku hiyo nilianza nyumbani kwa bibi harusi, wanampamba, mama zake wadogo wanaimba, kisha msafara, kisha ukumbini mpaka usiku. Saa nne za kurekodi, kama GB 90. Kwa kadi ya 256 hata nusu haijafika, mtu hana sababu ya kuhofia. Kamera haikulalamika hata mara moja. Nambari ya muda uliobaki ilikuwa inashuka taratibu kama inavyotakiwa. (Najua mtaniuliza kwa nini sikurekodi kwenye kadi mbili kwa pamoja. Kamera yangu ina tundu moja. Mwenye mbili anichangie.)

Nyumbani nikafungua kadi. Mafaili yote yapo, majina yapo, ukubwa wa kila faili upo. Nikafungua la kwanza, safi. La pili, safi. Nikaendelea mpaka kwenye saa moja na dakika ishirini hivi, pale gari linapokaribia ukumbi. Faili lililofuata halikufunguka. Na la baada yake. Mlango wa ukumbi hauna picha. Keki haina picha. Mama wa bibi harusi alipiga magoti kumtunza mwanawe, ukumbi mzima ukasimama, na mimi nilikuwa mbele yao nimetulia kama mlingoti, narekodi. Sina hata sekunde moja ya pale.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja Kariakoo ambaye hurudisha picha zilizofutwa. Akaiangalia kama robo saa, akanirudishia, akakataa hata hela ya soda. Akaniambia, "Kaka, mimi narudisha kilichofutwa. Hiki hakijafutwa, hakijawahi kuandikwa."

Akanieleza. Ndani ya kadi mna hifadhi yenyewe, halafu mna kidude kinachoisimamia, na hicho ndicho kinachoiambia kamera au kompyuta, "mimi nina ukubwa huu." Mlaghai anachukua kadi ndogo, tuseme ya GB 32, anakiandika upya hicho kidude kidanganye kuwa ni 256, anachapa maandishi juu, anauza. Kamera haina namna ya kujua, inaamini ilichoambiwa. Ukiandika ndani ya zile GB 32 za kweli, kila kitu kinakaa. Ukivuka, kadi inapokea data, inaitikia "nimehifadhi", na inaitupa. Kuna nyingine hazitupi, zinarudi mwanzo na kuandika juu ya vya zamani, hizo zinakuharibia mpaka ulivyokwisha kuvipata. Majina ya mafaili yanabaki kwa sababu daftari la majina liko mwanzoni mwa kadi, kwenye sehemu ambayo ipo kweli.

Ndipo nikaelewa kwa nini wiki zote zile sikuona kitu. Kila nilipofomati nilikuwa naanza tena mwanzoni, kwenye zile 32 za kweli. Kipaimara kilikaa humo, mahafali yalikaa humo. Na wale mia waliosifia? Sidhani walidanganya. Waliichomeka, wakaona 238, wakaweka nyimbo na picha mbili tatu, wakaandika "nzuri". Kama mimi. Kadi ya namna hii inajitangaza ikijaa, na mtu anaandika maoni ikiwa tupu.

Fundi akanipa jina la programu ya bure, H2testw, iliyotokana na jarida la kompyuta la Ujerumani linaloitwa c't. Kazi yake ni moja tu: inaijaza kadi yote kwa mafaili ya GB moja moja, kisha inarudi kuyasoma yote na kulinganisha na ilichoandika. Kwenye Linux na Mac kuna F3, inafanya kazi hiyohiyo kwa amri mbili. Ya kwanza inaandika, ya pili inasoma:

```
f3write /media/kadi
f3read /media/kadi
```

Hapo kwenye `/media/kadi` unaweka njia ya kadi yako. Kadi iwe tupu, na msiwe na haraka. Mimi niliwasha H2testw saa mbili usiku, nilipoamka kwa swala ya alfajiri ilikuwa bado haijamaliza, maana iliandika kwa megabaiti 9 kwa sekunde, wakati juu ya kadi wamechapa V30, alama inayomaanisha haipaswi kushuka chini ya 30. Asubuhi ikamaliza. Kwenye skrini: `The media is likely to be defective`. GB 29 nzima, 208 zimepotea. Hizo 29 ndizo 32 kwa hesabu ya Windows. Yaani niliuziwa kadi ya elfu kumi na tano iliyovalishwa kanzu ya mtu mwingine.

Nikapiga picha ya skrini nikaenda kituoni. Nilikwenda kwa adabu, jamani. Nikamsalimia kijana, nikamweleza. Hakuigusa kadi. Akataka namba ya oda, akabofya, akatabasamu.

"Kaka, kurudisha mzigo ni siku saba. Hapa naona zimepita zamani."

Nikamwambia ubovu wake hauonekani ndani ya siku saba. Akageuza kompyuta yake nione.

"Na mwenyewe umesema nzuri. Hii hapa, nyota tano. Tukuamini ya lini, ya siku ile au ya leo?"

Nyuma yangu foleni ikacheka. Kuna dada mmoja alikuwa amekuja kuchukua blenda, alicheka mpaka akaweka mkoba chini. Sikuwa na jibu. Nilitoka bila hata kuchukua namba ya malalamiko.

Kwa hiyo nilikuwa naandika hapa kuwaambia msinunue kifaa chochote cha umeme mtandaoni. Kisha nikajishika, kwa sababu siku chache baadaye nilituma ile picha ya skrini kwa huduma kwa wateja, akanipigia mama mmoja mwenye sauti ya upole, akaniuliza maswali ya mtu anayejua, na hela ikarudi. Elfu arobaini na tano kamili, kwenye simu, siyo vocha. Nikasema basi, nimkosee nani. Nikaagiza nyingine palepale, safari hii kutoka kwenye duka la mwakilishi wa kampuni yenyewe na kwa bei iliyokaribiana na ya Kariakoo. Sikuifungulia hata kamera, nikaipitisha kwanza kwenye H2testw siku ileile ilipofika, ndani ya zile siku saba. `Test finished without errors`. Kwa hiyo siwezi kusema wote ni wezi. Aliyekuwa mwizi ni muuzaji mmoja, na bei yake ilikuwa inanipigia kelele, mimi nikaziba masikio.

Lakini hela iliyorudi si harusi. Mama wa bibi harusi nilimwendea nyumbani, nikamwamkia, nikamrudishia malipo yake yote, nikakaa chini nisikie. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Mwanangu, hata pale nilipopiga magoti?" Tulizunguka kwa wageni kukusanya vipande vya kwenye simu, na pale alipopiga magoti tumepata sekunde kumi na moja, zimepigwa kutoka nyuma ya feni.

Na jana usiku nikiwa natafuta betri nikakiona kile kiduka bado kipo. Kadi ileile, sasa wameandika GB 512, bei elfu hamsini, maoni ya zamani yote wamehama nayo. Nikajaribu kuyabadilisha ya kwangu, mfumo umegoma, muda wa kuhariri umepita. Juu kabisa kwenye orodha, mahali mnunuzi anaposoma kwanza, pameandikwa kwa jina langu: "Kadi original kabisa, imefika haraka, muuzaji mwaminifu." Watu kumi na wanne wamebofya kwamba imewasaidia.