Umenyimwa zabuni Kenya: Bodi kwanza au Mahakama Kuu?

Ukienda kwenye Bodi ya Mapitio ya Ununuzi wa Umma ndani ya siku 14 tangu uarifiwe, ununuzi husimama papo hapo, nayo Bodi ina siku 21 kuamua. Inaweza kukagua alama ulizopewa na kuagiza tathmini irudiwe. Usiporidhika, una siku 14 kwenda Mahakama Kuu.

Ukikimbilia Mahakama Kuu moja kwa moja, kifungu cha 9 cha Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 kinakuzuia hadi umalize njia ya Bodi. Jaji huangalia zaidi uhalali na utaratibu. Hataki kuwa mtathmini wa zabuni, kazi ambayo Bunge limeipa Bodi. Anaweza kukusamehe sharti la kupitia Bodi kwanza, lakini lazima uombe na uonyeshe hali ya kipekee. Gharama au haraka pekee hazitoshi.

Hatari kubwa ni kalenda. Tuseme umeshtaki siku ya 5, ombi likatupwa siku ya 30: ukirudi kwa Bodi, zile siku 14 zimekwisha. Naumia nikiona malalamiko ya haki yakifia hapo.