Uzoefu wangu: miwani ya -4.00 ya kuonea mbali, ikilinganishwa na ya +3.00

Miwani hii nimeitumia miezi mitatu. Cheti kinasema -4.00 macho yote mawili, lenzi ni za plastiki ya kawaida. Kwa ndani ya mkono wa fremu pameandikwa 50 na 18: kila lenzi ina upana wa milimita 50, na daraja la puani ni 18. Namba hizo mbili zina kazi huko mbele, zishike. Kwa kulinganisha nimetumia ya dada yangu, +3.00, ambaye tatizo lake ni kuona karibu.

Tofauti unaihisi kwa vidole kabla hujavaa. Lenzi yangu ni nyembamba katikati na nene pembeni; yake imevimba katikati na ukingo wake ni mwembamba. Shika miwani karibu na uso wako, usinyooshe mkono, tazama fremu ya dirisha kupitia lenzi moja, kisha isogeze polepole kulia. Kwenye yangu, dirisha linafuata mkono. Kwenye yake linakimbilia kushoto. Ukiokota miwani isiyo na cheti, hivyo ndivyo utakavyojua ni ya upande gani.

Jicho langu ni refu kupita kiasi, kwa hiyo nuru inayotoka mbali hukutana kabla haijafika kwenye retina, ikifika pale imeshaanza kutawanyika tena. Lenzi iliyobonyea huitawanya kidogo kabla haijaingia jichoni, na mahali pa kukutana panasogea nyuma hadi penyewe. Jicho la dada ni fupi: retina inaipokea nuru kabla haijakusanyika, ndiyo maana lenzi iliyobinuka inaanza kuikusanya mapema.

Namba ya cheti si ya kubahatisha. Gawanya 1 kwa 4, unapata mita 0.25. Bila miwani naona sawasawa mwisho sentimita 25, na rula inathibitisha: nikisukuma gazeti kupita hapo, herufi zinaota manyoya. Kwa +3.00 kipimo ni kingine. Simama chumbani mkabala na dirisha, elekeza lenzi kwenye mti ulio mbali, na karibu sentimita 33 nyuma yake karatasi nyeupe itapata picha ya mti huo, kichwa chini. Lenzi yangu hata ufanyeje haitoi picha kwenye karatasi. Lakini kipimo cha gazeti usikitumie kwa mtu kama dada: jicho la kijana hujikaza lenyewe likafidia upungufu, akasoma vizuri kabisa, kisha jioni kichwa kinamgonga. Kwa watoto, daktari wa macho huweka matone ya kulegeza misuli hiyo kwanza ndipo apime.

Sasa kasoro. Wiki ya kwanza niliona vizuri, ila macho yalikuwa kama yanavutwa nje, na kufikia saa kumi jioni yalikuwa yameshachoka. Chanzo hakikuwa namba. Umbali kati ya mboni zangu ni milimita 62, lakini fundi aliweka kitovu cha kila lenzi katikati ya fremu, na 50 ukijumlisha 18 ni 68. Kila jicho likawa linatazama milimita 3 kando ya kitovu, na nje ya kitovu lenzi huipindisha picha. Kwa -4.00, milimita 3 zinasogeza kitu kilicho mita moja mbele kwa sentimita 1.2, kila jicho upande wake. Macho kujivuta ndani ni kazi rahisi. Kujivuta nje hayawezi sana.

Kulikagua hilo nyumbani, shika miwani mbele yako ikiwa sawa, tazama ukingo wa mlango. Mstari ndani ya lenzi utaonekana umekatika na ule wa nje. Sogeza hadi viungane, tia alama ya kalamu ya wino pale unapopita, fanya na lenzi ya pili, pima kati ya alama. Ikilingana na umbali wa mboni ulioandikwa kwenye cheti chako, iko sawa. Kama una namba ya silinda, ile ya jicho lisilo na mviringo sawa pande zote, mstari unaweza kupinda. Hapo mwachie fundi mwenye mashine.

Lenzi zilitengenezwa upya kwa 62 na uchovu ukaisha siku ya pili. Malipo yake ni unene: kitovu kikisogea ndani, ukingo wa nje unakuwa mbali zaidi nacho, na wangu umefika karibu milimita 5. Fremu ya 46 yenye daraja lile lile ingebaki na 4 na kidogo. Mwenye plasi naye achague fremu ndogo, ila kwake unene unaongezeka katikati na lenzi nzima inakuwa nzito puani.

Lenzi naziridhia. Fremu nisingeichukua tena, ni pana mno kwa mboni zangu.