Slabu yako Mwanza: nunua nini pale paa linapokutana na ukuta

Nyumba yangu Nyegezi ina slabu ya mita 8 kwa 6, imezungushiwa parapeti, yaani ukuta mfupi, ya bloku. Masika ya kwanza maji yaliingia chumbani kwenye kona ya juu. Fundi akaweka membreni mpya, yaani tabaka la kuzuia maji, kwenye sakafu ya paa, pesa ikaisha, na mvua iliyofuata kona ikalowa tena. Nilipanda na kisu siku ya tatu ya jua kali, nikainua ukingo wa membreni pale ulipogusa ukuta. Maji yakachuruzika kutoka nyuma yake. Sakafu ilikuwa nzima kabisa; maji yalikuwa yakiingia kwa juu ya parapeti, yanashuka ndani ya bloku na kupita nyuma ya membreni.

Kwa hiyo anza kununua kutoka juu, kwenye kopingi, yaani kifuniko cha ukuta. Ya kwanza kwangu ni vipande vya zege vilivyomwagwa chini kwenye kalibu, vyenye mteremko wa kuelekea ndani ya paa, vinavyotokeza sentimita 4 hadi 5 kila upande. Pindua kipande dukani: chini yake, karibu na ukingo, lazima kuwe na mfuo wa kudondoshea maji. Usipokuwepo, tone linatambaa kurudi ukutani. Na chini ya vipande hivyo laza nailoni ngumu ya kuzuia unyevu upana wote wa ukuta, kwa sababu maungio ya saruji hupasuka na jua.

Ya pili ni bati lililokunjwa. Ni jepesi na halina maungio mengi, ila upepo wa ziwani hulishika kwa chini, na mafundi wengi hulipigilia misumari kwa juu, ambako kila msumari ni tundu. Likubali tu kama litashikiliwa kwa pembeni. Lipu na rangi juu ya ukuta naiweka mwisho, na ndiyo niliyokuwa nayo mimi.

Sasa mkunjo, yaani membreni inapopanda ukutani. Kipimo ni angalau sentimita 15 juu ya sakafu iliyokamilika, baada ya saruji ya mteremko na vigae, si kabla.

Chaguo langu la kwanza ni membreni ya lami ya kuchoma kwa gesi, aina ya APP, yaani lami iliyochanganywa na plastiki, unene wa milimita 4, yenye chembe za mawe juu. APP huvumilia joto, na chembe hizo huikinga lami na jua, maana sehemu ya ukutani haifunikwi na kitu. Bloku tupu lazima zipigwe lipu na praima kwanza, la sivyo haishiki. Kwenye kona fundi ajaze saruji ya mshazari, sentimita 5 kwa 5, kwa sababu membreni ikikunjwa pembe kali huvunjika hapohapo. Ukingo wa juu uingie kwenye mfuo uliokatwa kwa grainda, ubanwe kwa ukanda wa aluminiamu, kisha uzibwe. Kubandika tu haitoshi. Hivyo ndivyo wangu ulivyofunguka.

Muuzaji alinigawia mita za mraba 48 kwa roli la mita 10 kwa 1, akasema matano. Ukitoa mpishano wa maungio, roli hufunika kama mita za mraba 8.5, kwa hiyo sakafu pekee ilihitaji sita. Mzunguko wa ukuta ni mita 28. Roli likikatwa kwa urefu vipande vitatu vya sentimita 33 hutoa mita 30, na mipishano na viraka vya kona humaliza ziada yote. Nikachukua mawili. Jumla nane.

La pili ni poliyurethani ya kupaka, yenye kitambaa ndani yake. Pale mabomba mengi yanapotoboa paa inashinda hata ya kuchoma, lakini ukuta ukiwa na unyevu hutoa malengelenge. Ipake Juni hadi Agosti. La tatu ni saruji ya kuzuia maji ya sehemu mbili, unga na kimiminika, nzuri chini ya vigae, dhaifu pale slabu na ukuta vinapocheza tofauti. Kona zake zinadai mkanda wa wavu. Rangi ya lami ya kopo naiweka mwisho. Jua huipasua upesi.

Kabla ya kumalizia malipo, ziba mifereji na ujaze maji ya sentimita 3 hadi 5 kwa saa 24, yasifikie juu ya mkunjo. Chini pakibaki pakavu, toa maji, kisha nyeshea kopingi kwa mpira kwa saa moja. Kona ikilowa safari hii, kosa liko juu, na membreni ya sakafuni usiiguse.