Strava ya kulipia: miezi miwili kwa mwaka inanitosha

Kwenye kundi letu la kukimbia hapa Arusha, swali linalorudi kila Januari watu wanapoanza kujiandaa na Kili Marathon ni hili: nikiacha kulipia Strava, ile programu ya kurekodi mbio, mbio zangu za zamani zitafutwa? Dada mmoja wa kundi alilipa mwaka mzima bila kutumia chochote cha ziada, kwa hofu hiyo tu. Mimi nimeitumia bure, nimeilipia, nikaacha, nikarudi. Haya ndiyo niliyoyaona.

Jibu fupi ni kwamba hazifutwi. Strava haiweki ukomo wa historia kwa anayetumia bure. Mbio niliyoikimbia Njiro miaka ile nikiwa bado na bendi ya mkononi ya bei rahisi ipo hadi leo, na ramani yake na muda wake. Kinachofungwa usipolipa ni namna ya kuitazama historia hiyo. Kwa bure unapata jumla ya kilomita za mwaka, chati ndogo ya wiki 12 zilizopita, na orodha ya mbio moja moja unayoipekua mwenyewe. Ukilipa unafunguliwa Training Log inayopanga kila wiki kwenye mstari wake, Matched Runs inayolinganisha siku zote ulizopita njia ileile, na grafu ya Fitness inayochora mzigo wa mazoezi yako.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba siku nilipolipa kwa mara ya kwanza, grafu ya Fitness haikuanzia sifuri. Ilijichora kurudi nyuma, kwa sababu data ilikuwa imehifadhiwa muda wote. Hapo nikajua kwamba sikuwa na haja ya kulipa miezi yote ili "nijenge historia". Historia inajijenga yenyewe, wewe unalipia dirisha la kuchungulia, na dirisha unaweza kulifungua mwezi unaolihitaji.

Lakini historia ya kuchunguliwa inategemea kifaa kilichoipeleka, na hapa ndipo nilipopoteza karibu miaka miwili.

Nilianza na bendi ya mkononi, jina lake silitaji. Ilipima mapigo ya moyo vizuri tu na nikiyaona kwenye programu yake. Nikaiunganisha na Strava, mbio zikawa zinaingia kila jioni, nikaridhika. Sikujua kwamba kilichokuwa kinavuka ni ramani na muda peke yake, mapigo yanabaki kulekule. Kulijua hili ni kazi ya dakika moja: fungua mbio yako yoyote ndani ya Strava, shuka chini, utafute mchoro wa mapigo ya moyo. Kama haupo, basi hata ulipe mara kumi, Relative Effort, kile kipimo cha ugumu wa mbio, hakina cha kuhesabu, na grafu ya Fitness inayokitegemea italala chali.

Upo mlango wa pembeni. Baada ya kila mbio Strava inakuruhusu kujaza Perceived Exertion, yaani wewe mwenyewe useme kutoka 1 hadi 10 umechoka kiasi gani, na Relative Effort inaweza kukokotolewa kutoka hapo. Nimejaribu. Inafanya kazi kwa mtu mkweli. Mimi niligundua kwamba siku nikikimbia na wenzangu kila mbio ni 5, na nikiwa peke yangu kila mbio ni 8.

Baadaye nikanunua saa ya Garmin Forerunner 55 ya mkononi mwa mtu. Hii inapeleka kila kitu: njia, mapigo, hatua kwa dakika. Ila nilichelewa kuiunganisha na Strava karibu nusu mwaka, na siku nilipounganisha zikaja mbio za siku 90 zilizopita tu. Za nyuma zaidi zilibaki Garmin Connect, programu ya Garmin wenyewe. Nikaingia kwenye tovuti kwa kompyuta, nikafungua mbio moja moja na kupakua faili yake asilia, ile ya FIT. Zilikuwa 61. Ukurasa wa kupandisha faili wa Strava, strava.com/upload/select, unapokea faili 25 kwa mkupuo, kwa hiyo nikazigawa mikupuo mitatu na kabla ya chai ya saa nne nilikuwa nimemaliza. Zote zikaingia na tarehe zake za kweli. Haya yote nilifanya bila kulipa senti.

Kwa hiyo mtu akiniuliza saa gani inakubali toleo la bure na ipi inataka la kulipia, namjibu kwamba Strava haigawi vifaa hivyo. Garmin, Coros, Polar, Suunto na Apple Watch zote zinaungana na akaunti ya bure sawasawa na ya kulipia. Tofauti inaonekana pale unapotaka kitu kirudi kutoka Strava kwenda kwenye saa: mfano Live Segments, ile ya kushindana na muda wako wa zamani kwenye kipande cha njia huku ukikimbia, hiyo ni ya waliolipa. Kwangu ni pambo. Kwenye mpando sina hata nguvu ya kuangalia mkono.

Kuna kampuni nyingine ambazo kwao daraja la usajili na kifaa ni kitu kimoja, na hapo uangalie sana. Whoop ya bendi za mkononi, kwa mfano, tangu Mei 2025 ina madaraja matatu, One, Peak na Life, na kifaa chao cha MG chenye kipimo cha umeme wa moyo kinakuja na Life peke yake. Na usajili ukiisha, kile cha mkononi kinabaki kitambaa. Saa yangu ya Garmin hata nisipomlipa mtu itanipa kilomita zangu.

Sasa nirudi kwenye miezi miwili niliyoilipia, Januari na Februari, nikijiandaa na nusu marathoni ya Kilimanjaro. Bei ya Marekani ni dola 11.99 kwa mwezi au 79.99 kwa mwaka, na kila nchi ina bei yake, kwa hiyo angalia inayotokea kwenye simu yako kabla ya kubonyeza. Kwa hesabu hiyo mwaka ni kama miezi saba hivi. Ukitumia chini ya hapo, lipa kwa mwezi.

Wiki ya kwanza ilinidanganya. Mbio zangu za polepole, zile ambazo naongea na mwenzangu bila kuhema, zilikuwa zinaandikwa kwamba niko kanda ya juu ya mapigo. Fitness ikapanda kama moshi wa tanuri la matofali. Nikadhani nimekuwa Mkenya. Kumbe Strava, usipoiambia kitu, inakadiria mapigo yako ya juu kabisa kwa kutoa umri kwenye 220. Nina miaka 41, ikaweka 179. Lakini mimi nimeshawahi kuona 191 nikimalizia mpando kwa kasi, tena si mara moja. Nikabadilisha namba hiyo kwenye mipangilio ya kanda za mapigo, na mbio za polepole zikarudi mahali pake. Fanya hivi siku ileile unayolipa, kabla hujaamini mchoro wowote.

Grafu yenyewe si uchawi. Fitness ni wastani wa mzigo wa mazoezi yako unaoenda na takribani siku 42, na uchovu ni wastani kama huo wa siku 7. Fitness ukitoa uchovu ndiyo wanaiita Form. Ukiongeza mazoezi, uchovu unapanda haraka, Fitness inafuata taratibu. Ukipumzika, uchovu unashuka haraka na Fitness inashuka polepole. Mwanzoni mwa Januari nilikuwa na 31, wiki mbili kabla ya mbio nilikuwa na 44. Wiki ya mwisho nilipunguza kilomita nusu, Fitness ikashuka hadi 41 na moyo ukanidunda, lakini Form ilikuwa imevuka sifuri kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze. Nisingeiona grafu, ningetoka kukimbia kilomita 18 siku nne kabla ya shindano kwa woga. Nilifanya hivyo mwaka uliotangulia.

Kitu cha pili kilichostahili pesa ni kasi iliyorekebishwa kwa mwinuko, inaandikwa GAP. Njia ya Moshi inakupandisha kuelekea Mweka, na ukiangalia kasi ya kawaida tu unajiona umezeeka. GAP ilinionyesha kwamba dakika 7:10 kwa kilomita kwenye mpando ule wa mazoezi ilikuwa sawa na kama 6:05 kwenye tambarare. Nikaacha kujilazimisha.

Kwa upande wa mpango wa kocha, sikuulipia Strava kwa ajili hiyo na nisingekushauri. Mpango nilioufuata ulitoka Garmin Coach, ni wa bure, upo kwa anayemiliki saa yao inayoukubali, na Forerunner 55 imo. Kwa nusu marathoni unachagua kocha kati ya Jeff Galloway, Greg McMillan na Amy Parkerson-Mitchell. Galloway ndiye wa kukimbia na kutembea kwa zamu, na goti langu likamchagua yeye. Mazoezi ya siku yanaingia kwenye saa, inatetema ukitakiwa kubadilisha. Udhaifu wake ni kwamba haujui kwamba unaishi mlimani. Ukipewa kasi fulani na njia yako yote ni mpando, utaambiwa umechelewa kila siku. Mimi siku za kasi nilikuwa napanda daladala kwenda Kisongo kutafuta barabara iliyonyooka.

Strava iliinunua Runna Aprili 2025, programu ya mipango ya kukimbia, na hiyo ina ada yake mbali na ya Strava. Mwenzangu mwenye Coros anaitumia kwa kuwa inatuma mazoezi hadi kwenye saa yake. Anayeitaka aihesabu kama gharama ya pili.

Mwisho wa Februari nilizima kulipia. Siku hiyohiyo niliomba nakala ya kila kitu changu: kwenye mipangilio ya akaunti kwenye tovuti kuna sehemu ya kupakua au kufuta akaunti, usome vizuri unabonyeza ipi, na wanakutumia kiungo cha faili la zip kwenye barua pepe. Ndani kuna activities.csv yenye orodha ya mbio zote na folda ya faili zenyewe. Lipo kwenye fleshi, droo moja na medali.

Yule dada nilimwonyesha zip hiyo kwenye simu. Akauliza kama zile mbio zake za bendi, zisizo na mapigo, nazo zitakuwemo. Zitakuwemo, bila mapigo.