Uzoefu wangu na chati ya tofauti ya bajeti kwenye Excel: rangi ya kijani iliyotudanganya

Mimi ni mhasibu wa shirika dogo mkoani Singida, tunakarabati visima vya pampu za mkono. Mwaka wetu wa fedha unaanza Julai, na kila robo inapoisha napeleka taarifa ya matumizi kwa kamati. Kwa muda mrefu nilipeleka jedwali tupu: kasma, bajeti, matumizi halisi, tofauti. Wajumbe saba, na ninavyowafahamu wawili tu ndio walikuwa wanalisoma. Wengine walisubiri niseme. Ndipo nilipoamua kuweka chati, pau zinazokwenda kulia pale tulipozidisha na kushoto pale tulipobakiza, kila upande na rangi yake. Nimeitumia kwa robo nne sasa. Nitaeleza ilivyonisaidia na ilivyoniaibisha.

Njia niliyoanza nayo ndiyo rahisi kuliko zote. Unakokotoa tofauti kwenye kolamu moja, unaichorea chati ya pau za kulala, unabofya pau zenyewe, unaingia `Format Data Series`, kisha sehemu ya rangi unachagua `Solid fill` na kuweka tiki kwenye `Invert if negative`. Hapo vinatokea visanduku viwili vya rangi, kimoja cha tarakimu chanya na kingine cha hasi. Mimi nikaweka nyekundu kwa kuzidisha na kijani kwa kubakiza. Dakika kumi, kazi imekwisha.

Kuna vitu viwili vya kurekebisha mara moja, maana vinamsumbua kila anayeanza. Majina ya kasma hukaa kwenye mstari wa sifuri, kwa hiyo pau zinazokwenda kushoto zinayapanda na hayasomeki. Bofya mstari wa majina, nenda `Labels`, kwenye `Label Position` chagua `Low`, nayo yatasogea pembeni kabisa. Cha pili, chati inapindua mpangilio: kasma ya kwanza kwenye jedwali inakaa chini. `Categories in reverse order` inairudisha juu.

Sasa kikao chenyewe. Robo ya Julai hadi Septemba bajeti ilikuwa shilingi milioni 61.8, na vitabu vilionyesha tumetumia milioni 53.15. Mishahara ilikuwa sawa na bajeti. Mafuta ya gari yalipangiwa milioni 4.8, yakatumika milioni 6.15. Posho za safari zilizidi kwa 420,000, shajala kwa 330,000, na mafunzo yalibakiza 250,000. Lakini kilichovuta macho ya kila mtu kilikuwa upau mmoja mrefu wa kijani, karibu nusu ya ukurasa: ukarabati wa visima. Bajeti milioni 18, halisi milioni 7.5, bakaa milioni 10.5.

Mwenyekiti aliushika ule ukurasa, akauangalia, akasema, “Dada mhasibu, hapa mmebana kweli kweli. Hongereni.” Wajumbe wakapiga makofi. Na mimi, nisiwadanganye, nilipiga pia. Mjumbe mmoja akapendekeza kwamba kwa kuwa kuna fedha, tuongeze safari za ufuatiliaji. Ikapita.

Wiki iliyofuata fundi mkuu akaleta ankara yake. Visima viwili vilikuwa vimekamilika tangu mwishoni mwa Septemba, wanakijiji wanachota maji, ila karatasi ilichelewa. Milioni 9.6. Nikarudi kwenye hesabu: 7.5 na 9.6 ni milioni 17.1, yaani bakaa ya kweli kwenye visima ni 900,000 tu. Na jumla ya robo nzima ikawa milioni 62.75. Tulikuwa tumezidisha bajeti kwa 950,000, sisi tuliopigiana makofi na kuongeza safari juu yake.

Chati haikukosea hata kidogo. Ilichora kile nilichoipa, nami niliipa fedha zilizotoka benki badala ya kazi iliyofanyika. Lakini hapa ndipo ninapoilaumu rangi yenyewe. Kwenye jedwali, tarakimu ya bakaa ya milioni 10.5 ingemfanya mtu aulize kwa nini. Ilipovaa kijani, ilikuwa imeshajibu swali kabla halijaulizwa. Kijani ni ruhusa ya kuvuka. Nani anasimama kwenye kijani?

Baada ya hapo niliijenga upya. Niliongeza kolamu ya ahadi: kazi iliyokwisha au bidhaa iliyopokelewa ambayo bado haijalipwa. Kabla ya kufunga robo nampigia simu kila fundi na kila duka tunalokopa, naandika kiasi. Kazi ya nusu siku. Tofauti sasa inakokotolewa kwa halisi pamoja na ahadi, ndipo natoa bajeti.

Kitu cha pili nilichobadilisha ni mpaka wa kupaka rangi. Mkataba wa mfadhili wetu unasema kasma ikizidi kwa zaidi ya asilimia 10 tunatakiwa kibali cha maandishi. Kwa hiyo posho kuzidi kwa asilimia 7 si habari, lakini kwenye chati ya mwanzo zilikuwa nyekundu sawasawa na mafuta yaliyozidi kwa asilimia 28. `Invert if negative` inajua chanya na hasi tu, haina habari na asilimia 10 zako. Na maelezo ya rangi pembeni mwa chati yanaonyesha rangi moja, ile ya chanya, kwa hiyo ya pili unalazimika kuieleza kwa mdomo au kuandika kisanduku kwa mkono.

Suluhisho ni kuigawa tofauti kwenye kolamu tatu. Kwangu B ni bajeti, C halisi, D ahadi:

```
E2: =C2+D2-B2
F2: =IF(E2>0.1*B2,E2,0)
G2: =IF(E2<-0.1*B2,E2,0)
H2: =E2-F2-G2
```

F ni iliyozidi mpaka, G ni iliyobaki kupita mpaka, H ni iliyo ndani ya mpaka. Chagua majina ya kasma pamoja na kolamu F, G na H, kisha chora `Stacked Bar`. Kwa kuwa kila mstari una tarakimu kwenye kolamu moja tu na nyingine ni sifuri, upau unatoka mmoja, na kila kolamu ina rangi yake pamoja na jina lake pembeni. Njia hii inafanya kazi pia kwenye Google Sheets na LibreOffice Calc, maana haitegemei tiki yoyote ya Excel. Ukiweka tarakimu kwenye pau utaona sifuri zimezagaa kila mahali. Zifiche kwa muundo huu wa tarakimu:

```
+#,##0;-#,##0;;
```

Nilipoichora upya robo ileile, sura yake ilikuwa nyingine kabisa. Visima, kwa bakaa ya asilimia 5, vilikuwa kaupau ka kijivu. Posho na mafunzo kijivu. Yaliyobaki na rangi ni mafuta na shajala, basi. Na kati ya hizo mbili, kwa kuwa pau ni za shilingi, mafuta yalikuwa na upau mara nne ya shajala. Ningechora kwa asilimia, shajala ingeongoza kwa 55 na kamati ingetumia saa nzima kujadili rimu za karatasi. Asilimia naiandika kwenye mabano ndani ya jina la kasma, inatosha.

Rangi zenyewe nilizibadilisha kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mashine ya kuchapa ya ofisini, haina wino wa rangi. Nyekundu na kijani nilizochagua zilitoka kijivu kimoja, ukashindwa kutofautisha isipokuwa kwa upande ulikoelekea upau. Ya pili niliijua kwa bahati. Mjumbe mmoja, mzee wa makamo, aliniambia faraghani baada ya kikao kwamba tangu mwanzo alikuwa anaona pau zote za rangi ya udongo na alidhani ni mtindo. Ana upofu rangi, ule wa kuchanganya nyekundu na kijani, ambao ndio unaowapata wanaume wengi kuliko aina nyingine. Sasa natumia chungwa iliyokoza kwa kuzidi, buluu ya mawingu kwa kubakiza, na kijivu kwa vilivyo ndani ya mpaka. Chungwa ikitoka nyeusi zaidi ya buluu kwenye karatasi isiyo na rangi, imefaulu. Jaribu kuchapa ukurasa mmoja kabla ya kuchapa saba.

Faida nyingine ya buluu sikuitarajia: haipongezi mtu. Wajumbe wakiona buluu wanauliza, “Hii vipi, kazi haijafanyika?”

Bado ina mapungufu. Michango ya vijiji, ambayo ni mapato, ukiiweka kwenye chati hiihii inakuja kinyume: tulitarajia milioni 3, zikaja 3.9, ikapakwa chungwa kana kwamba ni balaa. Unaweza kugeuza alama kwa mistari ya mapato, lakini msomaji atachanganyikiwa upande upi ni upi. Mimi nimeyaondoa kabisa, yana chati yao ndogo ukurasa wa pili.

Pia haijui majira. Nilikuwa nagawa bajeti ya mwaka kwa nne. Huku kwetu mvua ni za msimu mmoja, kuanzia kama Novemba hadi Aprili, na barabara za vijijini zikiloa gari la pampu haliendi. Kwa hiyo robo ya Januari hadi Machi visima vilitoa buluu ndefu ambayo haikuwa bakaa wala uzembe, ni matope. Mwaka huu nimepanga bajeti mwezi kwa mwezi kufuata kazi, na fedha nyingi za visima nimeziweka kiangazi.

Na haisemi sababu. Upau wa mafuta hauoni kama bei ya lita imepanda au lita zimeongezeka. Hilo nililipata kwenye daftari la gari: bei ilikuwa ileile ya 3,000 tuliyoipanga, lita ndizo zilitoka 1,600 hadi 2,050. Dereva alikuwa anarudi mjini kila jioni kwa sababu kijiji cha mbali hakikuwa na pa kulala. Kikao kilichofuata tulikaa kwenye upau huo mmoja wa chungwa dakika ishirini, na ule uamuzi wa kuongeza safari za ufuatiliaji tukaufuta.